Serivisi ya kwanza inakupita? Tutafute shida iko wapi

Malalamiko juu ya retua, ile bale ya kurudisha serivisi, mu tereni za tenisi za huku Goma ni yaleyale tu: bale inakuta raketi ingali nyuma, ama unaigusa vizuri halafu inaenda kugonga uzio, ama inakuja kwenye mbavu unakosa hata fasi ya kuweka kiwiko, ama jamaa anaipiga upande wa nje unabaki unaiangalia. Nimepanga hivyohivyo, kwa dalili, na kwa kila dalili naanza na sababu ile inatokea mara nyingi. Hapa naongea serivisi ya kwanza, ile ya nguvu. Ya pili ina mambo yake.

Kabla ya yote elewa muda uko nao. Tereni ina urefu wa mita 23.77. Kijana mwenye bega zuri anapiga kilomita 160 kwa saa, ile ni karibu mita 44 kwa sekunde wakati bale inatoka kwenye raketi, lakini hewa inaipunguza, halafu ikidunda inapungua tena, mpaka inakufikia inakuwa imepoteza karibu nusu ya mwendo. Ukijumlisha yote uko na kitu kati ya nusu sekunde na robo tatu ya sekunde. Basi. Mu ule muda unatakiwa uone, uamue, ugeuke, upige. Kwa hiyo mtu anakuambia "uwe na nguvu zaidi" hajakusaidia kitu, shida karibu zote za retua ni shida za muda.

Kipimo cha kwanza cha kila dalili ni simu. Mpe ramaseri simu asimame nyuma yako kwenye uzio, achukue video serivisi kumi hivi, anayepiga serivisi aonekane na miguu yako pia ionekane. Simu nyingi zinachukua picha 30 kwa sekunde, maana yake kila picha ni kama sehemu tatu za mia moja za sekunde. Utaisogeza picha kwa picha na kidole. Usianze kubadilisha kitu hata kimoja bila hiyo video, juu kile unafikiri unafanya na kile unafanya ni vitu viwili.

DALILI YA KWANZA: bale inakuta raketi ingali nyuma

Unaijua ile: bale inagonga kwenye kadri, ama inaenda upande ule hukutaka, na mkono unatetemeka.

Sababu ya kwanza, na kwa maoni yangu hii peke yake inabeba nusu ya kesi zote, ni karuko. Nasema kale karuko kadogo ka miguu miwili ambako unafanya wakati mwenzako anapiga serivisi. Watu wengi hawakafanyi kabisa, wanasimama wameinama vizuri sawa kwenye televizyo, wanatikisa makalio, lakini miguu imelala. Wengine wanakafanya wakiwa wamechelewa, na hawa njo wanasumbuka zaidi juu wanajua wanaruka, kwa hiyo hawatafuti shida pale.

Karuko kanafanya kazi hivi: ukitua, magoti yanajikunja kidogo, misuli ya mapaja na ya nyuma ya miguu inavutika sawa na sipringi, na ule mvuto njo unakusukuma upande bale imeenda. Ukitua kabla hujajua bale inaenda wapi, sipringi inafunguka bule, unabaki mzito. Ukitua nyuma sana, bale iko tayari imevuka fileti na wewe ungali hewani, na mtu akiwa hewani hawezi kubadilisha upande. Kwa hiyo unaachana na chini kabla raketi yake haijagusa bale, na unatua kidogo tu baada ya kugusa.

Namna rahisi ya kupima bila simu: sikiliza. Mlio wa serivisi yake unachukua kama sehemu saba za mia moja za sekunde kukufikia kutoka upande wa pili wa tereni. Miguu yako ikigonga chini pamoja na ule mlio vile unausikia, basi umetua kidogo tu baada ya yeye kugusa bale, na hiyo njo unatafuta. Kama unasikia "pa!" halafu ndipo miguu yako inagonga, umechelewa.

Nitoe kesi moja. Kuna papa mmoja anacheza na sisi siku ya posho, ana mkono mzuri sana, ukimpigia bale za kawaida hakosi, lakini kijana mmoja mrefu wa Himbi akimpigia serivisi ya kwanza papa anakuwa sawa mtu mwingine. Alikuja na jibu lake tayari: "Ni umri, mtoto wangu, macho yamechoka." Tukachukua video. Picha ya raketi kugusa bale tukaiita sifuri, tukahesabu mpaka miguu yake ilitua. Picha nane. Ile ni zaidi kidogo ya robo ya sekunde, na yeye alikuwa na kama sekunde sifuri nukta saba jumla, maana yake zaidi ya theluthi ya muda wake ilikuwa imekwisha kuliwa mbele hajasogea hata sentimita. Macho yake hayakuwa na neno. Alikuwa anangojea aone bale inatoka kwenye raketi ndipo aruke, na hiyo inaonekana akili nzuri, lakini kuanzia macho yaone mpaka miguu itii kunapita muda.

Tulibadilisha kitu kimoja tu. Tulimwambia aache kuangalia bale yote, aangalie mkono wa raketi wa kijana: raketi ikianza kupanda kutoka mgongoni kwenda juu, papa anaachana na chini. Aseme "hop" kwa sauti, hata kama ni aibu. Mwanzoni alikuwa anaruka mapema sana, picha mbili mbele ya sifuri, halafu akapata. Mwisho alikuwa anatua picha mbili ao tatu baada ya kugusa, na hiyo njo fasi nzuri: kati ya mbili na nne uko sawa, sita na zaidi umechelewa. Siku ileile, bila kugusa swingi yake, bale zilianza kurudi. Hazikuwa za kuua mtu lakini zilikuwa zinarudi.

Vitu viwili watu wanakosea hapa. Moja, kuruka juu. Karuko ni sentimita chache tu, ukiruka sana utakaa hewani muda mrefu. Pili, kufuata mrusho wa bale bila kufikiri: wachezaji hawarushi sawa. Kuna mwenye anarusha juu sana halafu anangojea, kuna mwenye anarusha chini na kupiga palepale, huyo wa pili akikukuta unangojea bale isimame hewani amekwisha kukupita. Raketi haidanganyi, mrusho unadanganya.

Sababu ya pili ya kuchelewa ni swingi ndefu. Angalia video tena, usimamishe pale bale inadunda mu kaare ya serivisi. Kichwa cha raketi kiko wapi? Kama kimevuka bega la nyuma, kimejificha nyuma ya mgongo, umepeleka raketi mbali kuliko muda unaruhusu. Dhidi ya bale za kawaida una haki ya kufanya vile. Dhidi ya serivisi ya kwanza hapana.

Dawa yake sio "kupiga polepole" kama wengi wanasema. Mabega yanageuka, na raketi inageuka pamoja nayo, mkono wenyewe haurudi nyuma peke yake. Geuza kifua, raketi ikae usawa wa bega, uione kwa pembe ya jicho, basi umekwisha kujitayarisha. Kutoka pale unaisukuma mbele na unakutana na bale mbele ya mwili, mbele ya mguu wa mbele kabisa. Nguvu imekuja nayo, kazi yako ni kuweka ukuta unaosogea mbele kidogo. Vidole vishike raketi kwa ulegevu mpaka karibu na kugusa, halafu vikaze, juu mtu anayekaza tangu mwanzo mkono wake unakuwa mti.

Zoezi: simama mgongo kwa uzio, hatua moja ndogo kati yako na waya, mtu akurushie bale kwa mkono kutoka mita tano hivi. Raketi ikigonga uzio nyuma, swingi ni ndefu. Uzio hauna huruma na hauna siasa, unafundisha vizuri kushinda kochi. Ukiisha kuzoea, fanya la pili: mwambie mwenzako apige serivisi akiwa kwenye mstari wa kaare ya serivisi, sio nyuma. Umbali unashuka kutoka karibu mita 24 mpaka kama 18, kwa hiyo hata akipiga ya kawaida muda unapungua kwa robo. Robo saa ya ile, ukirudi kwenye serivisi ya kweli utaiona imepunguza mwendo.

Sababu ya tatu ni fasi unasimama. Naiweka ya tatu makusudi juu kila mtu anakimbilia kuirekebisha ya kwanza, anarudi nyuma mita tatu na shida inabaki. Kila mita moja unarudi nyuma inakupa kama sehemu nne ao tano za mia moja za sekunde. Sio nyingi, lakini mita moja na nusu nyuma ya mstari wa mwisho ni fasi nzuri ya kuanzia dhidi ya mtu mwenye nguvu. Kwenye televizyo utaona Medvedev anasimama mbali mpaka karibu na ukuta wa nyuma, na Agassi zamani alikuwa anasimama karibu juu ya mstari, na wote wawili wameshinda mataji makubwa, lakini Agassi alikuwa na macho na mikono ambayo wewe na miye hatuna, na Medvedev ana miguu mirefu ya kufunika pembe zote zile anafungua. Sisi tukae katikati.

Sababu ya nne, haitokei sana: namna ya kushika. Kama unashika kudurwa yako na kiganja chini kabisa ya mpini, ile ya kuzungusha bale sana, kuzuia serivisi ya haraka ni ngumu juu uso wa raketi unaangalia chini. Hii usijirekebishe peke yako kwa kuangalia video za watu. Tafuta kochi akuonyeshe mara mbili tatu, juu kubadilisha mshiko vibaya kunaleta maumivu ya kiwiko na ya kifundo cha mkono.

DALILI YA PILI: unaigusa safi, inatoka nje nyuma

Ukifika hapa ujue muda umekwisha kuupata, pongezi, sasa una shida nyingine.

Mara nyingi ni swingi tena. Umefika kwa wakati, ukafurahi, ukaongeza nguvu zako juu ya nguvu zake. Jaribu serivisi kumi ambapo unasimamisha raketi mbele yako palepale baada ya kugusa, haizunguki mpaka begani. Kama zinaingia, umepata jibu. Lenga katikati, kina, na bale ipite juu ya fileti kwa kama mita moja. Katikati fileti ina sentimita 91 tu na kwenye nguzo ina mita 1 na sentimita 7, kwa hiyo katikati unapata nafasi zaidi na mwenzako hapati pembe.

Halafu kuna uso wa raketi kufunguka, unaangalia mbingu. Hii iko sana kwa reveri ya mkono mmoja. Video itaonyesha: kama kifundo cha mkono kimelegea na kichwa cha raketi kimeanguka chini ya mkono, bale itapanda. Kaza kifundo, kichwa cha raketi kikae juu ya mkono.

Ya tatu inatuhusu sisi wa huku kushinda watu wa pwani. Ziwa Kivu peke yake liko kama mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, bale haizuiliwi sana, na pia shinikizo la ndani ya bale linashinda lile la nje zaidi, basi inadunda juu. Sheria za ITF zinaruhusu bale za pekee kwa fasi zinazopita mita 1,219, na Goma, Bukavu tuko juu ya ile. Soma kopo. Kama ni bale za kawaida na ni mpya, kopo limefunguliwa leo, usijilaumu sana: shusha malengo yako, lenga mita moja na nusu ndani ya mstari wa mwisho, na ujue serivisi ya kudunda juu itakufikia usawa wa bega ukirudi nyuma sana. Hapo njo faida ya kurudi nyuma inakwisha huku kwetu, kwa mtu asiye mrefu. Kabla ya kubadilisha mwili wako badilisha bale, cheza seti moja na zile zilizochoka kidogo uone.

Ya mwisho, nyuzi zimelegea. Kama raketi imekaa mwaka mzima bila kufungwa upya na bale inaruka sawa kwenye trampolini, peleka kwa fundi wa nyuzi.

DALILI YA TATU: inakuja mwilini inakukaba

Mwenye kujua kupiga serivisi ataona unalinda pembe na atakupiga kwenye nyonga ya upande wa raketi, pale ambapo kudurwa haiwezi na reveri haijafika.

Kwanza angalia kama unatua karuko na visigino. Ukitua na visigino huwezi kutoka kwenye njia ya bale, utabaki kupiga na tumbo. Uzito uwe kwenye sehemu ya mbele ya miguu. Ya pili ni kuchagua upande: bale ya mwilini ipige kwa reveri karibu kila mara, juu kwa reveri mkono unakuwa mbele ya mwili na hauhitaji fasi nyuma. Mguu mmoja urudi kidogo kwa pembeni, bega liingie mbele, raketi fupi, unazuia. Usikimbie kwa kwenda nyuma moja kwa moja, bale inakufuata.

DALILI YA INE: upande wa nje inakuacha

Hapa njo fasi ya kusimama inakuwa sababu ya kwanza. Watu wanasimama kwa mazoea, fasi ileile, hata kama mwenzao anabadilisha. Fikiria mistari miwili kutoka kwa raketi yake: ule wa bale ya nje kabisa na ule wa bale ya katikati kabisa. Wewe simama katikati ya ile pembe. Kwa upande wa kulia, mwenye kupiga akiwa karibu na alama ya katikati, mguu wako wa nje unakuwa karibu na mstari wa pembeni wa mchezo wa mmoja kwa mmoja. Akisogea pembeni mita moja, na wewe sogea.

Kama uko fasi nzuri na bado inakuacha, angalia hatua ya kwanza. Wengi wanakimbia sambamba na mstari, na bale inaendelea kukimbia mbali nao. Kata mbele kwa mshazari, uikutane kabla haijafunguka. Na hapa kurudi nyuma sana kunakuumiza wazi: kila mita nyuma, bale ya nje inakuwa mbali zaidi.

ACHA KABISA, TAFUTA MTU WA KAZI

Karuko na retua vinabeba uzito kwenye sehemu tatu: nyuma ya mguu, kifundo cha mguu, na kiwiko.

Ukisikia sawa mtu amekupiga teke ama jiwe nyuma ya mguu, unageuka hakuna mtu, simama palepale. Inaweza kuwa msuli umepasuka ama ule mshipa mnene wa kisigino umekatika. Usijaribu kutembea "kuipasha moto", usikubali mtu akukande, wakubebe mpaka hospitali siku ileile.

Umekunja kifundo cha mguu: kama huwezi kupiga hatua ine, ama ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo unauma, ni kupiga radio ya mfupa kabla ya kitu kingine. Barafu na kuinua mguu ni wakati wa kungojea usafiri.

Kiwiko kikiuma upande wa nje na unaona hata kushika kikombe cha chai kunauma, pumzisha raketi. Ikipita wiki mbili tatu haijapungua nenda kwa kinezi, na ukirudi ulegeze nyuzi kidogo. Maumivu ya kifundo cha mkono upande wa kidole kidogo, hasa kwa reveri ya mikono miwili, usiyafunge na bandeji ukaendelea.

Bale ikikupiga kwenye jicho na unaona ukungu, vimulimuli ama kivuli upande mmoja, usilisugue, usingojee kesho, mwone daktari wa macho. Na kama hakuna kilichokupiga lakini siku hizi unaipoteza bale baada ya kudunda, karuko kako sawa, swingi fupi, fasi nzuri, pima macho kabla ya kununua raketi nyingine.